Bajeti ya sifuri kwa mwenye mshahara mmoja na marejesho matatu

"Wakuu, mshahara ukisoma tarehe 22, ikifika tarehe 5 sina kitu. Benki wanakata juu kwa juu, nina marejesho ya VICOBA, na simu nayo inanidai. Nasikia kuna bajeti ya sifuri. Mwenye mshahara ule ule kila mwezi anaifanyaje, na marejesho yanakaa wapi?"

Mkuu, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Morogoro. Nyumba yetu ina watu watano na mshahara ni mmoja, wangu. Ulipo ndipo nilipokuwa, na madeni yalikuwa hayo hayo matatu, kwa hiyo nakuandikia namba zetu za mwezi ule tulioanza. Bei za sokoni zimebadilika tangu hapo lakini njia ni ile ile.

Bajeti ya sifuri maana yake kila shilingi inayoingia inapewa kazi kabla haijatumika, mpaka ya kugawa ibaki sifuri. Hata akiba ni kazi, iandikiwe mstari wake. Na mistari ikizidi pesa iliyopo, hujamaliza kupanga, unarudi juu kupunguza. Kwa mwenye mshahara usiobadilika ni rahisi kuliko kwa mfanyabiashara, kwa sababu namba ya juu unaijua tangu leo.

Anza na hati ya mshahara, usianze na ujumbe wa benki. Mshahara wangu wa msingi ulikuwa 980,000. PSSSF asilimia 5 ilichukua 49,000, kodi 110,750, bima ya afya asilimia 3 ikachukua 29,400, na chama cha walimu asilimia 2, yaani 19,600. Zikabaki 771,250. Hapo ndipo benki ilipokata 240,000 za mkopo wa kuezekea nyumba, ikaniachia 531,250. Miaka yote nilikuwa naona hiyo ya mwisho tu, kwa hiyo ule mkopo kichwani mwangu haukuwepo. Uandike juu kabisa ya karatasi, pamoja na salio lake na mwezi utakaokwisha. Haukupunguzii kitu mwezi huu, lakini bila huo hujui ni lini nyumba itapata nafasi ya kuhema.

Hapa nikae kidogo, maana wengi tunaumia hapa. Kwa mtumishi wa umma, makato yote yakishatoka lazima ibaki angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi. Kwangu theluthi ilikuwa 326,667. Afisa mikopo akikwambia "bado una nafasi", anapima kwa theluthi hiyo. Angeweza kunikata hadi 444,583 kwa mwezi na kila kitu kikawa halali. Sasa tazama nyumba yangu ilikuwa inakula nini: vyakula vya stoo 124,000, mboga na kitoweo 120,000, gesi, mkaa, umeme na maji 56,000. Hizo ni 300,000 kamili. Nauli yangu ya daladala ya mwezi 26,400. Ningekopa mpaka mwisho wa theluthi ningebakiwa na shilingi 267, na hapo hakuna sabuni, hakuna VICOBA, hakuna daftari la mtoto. Ile theluthi imepimwa kwenye mshahara wako, haikupimwa kwenye sufuria lako. Kiwango chako halisi cha kukopa utakiona kwenye karatasi hii ya sifuri.

Tuendelee. Jioni ya tarehe 21 nilikaa na mama watoto, tukaandika. VICOBA: tulikopa 600,000 kwa miezi sita, pamoja na riba jumla ikawa 660,000, kwa hiyo marejesho 110,000 kila mwezi. Hisa na mfuko wa jamii 24,000. Deni la simu lilikuwa limefika 65,000 pamoja na ada zake. Ukijumlisha, madeni ya mkononi ni 199,000. Ongeza zile 300,000 za chakula, nishati na maji, nauli 26,400, uji na mitihani ya shule 15,000, kisha sabuni, vocha, sadaka na michango ya misiba 40,000. Jumla 580,400. Mkononi tuna 531,250. Tumepungukiwa 49,150 kabla mwezi haujaanza.

Hiyo namba ndiyo faida ya kwanza ya kazi yote. Kila mwezi pengo lilikuwepo, ila tulikuwa tunakutana nalo tarehe 5 kwa jina la "pesa imeisha", kisha simu inatukopesha.

Mwezi wa kwanza nililiziba vibaya. Niliondoa 49,150 yote kwenye mboga, kwa sababu ndio mstari ambao haudaiwi na mtu. Ikabaki kama 2,360 kwa siku kwa watu watano. Deni la simu nikalilipa siku ile ile mshahara uliposoma, nikajisikia mwepesi kabisa. Siku ya kumi na nane mama watoto akaniambia bahasha ya mboga imekwisha. Nikakopa tena kwenye simu.

Ndipo nilipoelewa ule mkopo wa simu ulikuwa nini. Ulikuwa unanunua mboga ya siku za mwisho za mwezi, basi. Nilikuwa nalipa deni kwa pesa ya mboga, kisha nakopa ninunue mboga ile ile kwa bei ya juu zaidi, maana sasa ina ada. Ukitaka kujua kama na wewe uko hapo, fungua jumbe za simu za miezi mitatu iliyopita uangalie umekopa tarehe ngapi na siku hiyo ulinunua nini. Tarehe zikifanana kila mwezi, tatizo ni mstari fulani wa bajeti uliouandikia pesa pungufu. Usipouongeza huo, deni utalilipa na litarudi.

Mwezi wa pili pengo lilikuwa lile lile, nikaligawa. VICOBA nilimwendea mwenyekiti kabla ya kikao, nikaomba ninunue hisa moja tu kwa wiki mpaka mkopo uishe. Kikundi chetu kinaruhusu, na hapo tukaokoa 12,000. Marejesho yenyewe sikuyagusa, kwa sababu faini ya kuchelewa kwetu ni kubwa kuliko hisa niliyoacha, na wadhamini wangu ni majirani ninaosalimiana nao kila asubuhi. Nauli nikaikata nusu, asubuhi napanda na jioni narudi kwa miguu, 13,200. Vocha ikashuka kutoka 8,000 hadi 3,000. Mboga ikashuka kutoka 4,000 hadi 3,500 kwa siku, yaani 15,000 kwa mwezi, na hiyo nyumba iliiweza. Zilizobaki 3,950 zikatoka kwenye michango ya misiba. Jumlisha, utapata 49,150. Ya kugawa ikawa sifuri, na safari hii tukafika tarehe 22 bila simu.

Pesa ya mboga tuliitoa yote mara moja tukaigawa kwenye bahasha za wiki, anashika mama watoto. Ikibaki kwenye simu, mkopo wa aina ile unajilipa wenyewe kila pesa inapoingia, na unajikuta hujui mboga ni ngapi na deni ni ngapi.

Mwezi wa tatu zile 65,000 za simu zilikuwa huru. Hapa watu wengi huona zimebaki tu, zikapotea. Tulizipa kazi kabla hazijaingia: 15,000 zikarudi kwenye mboga, 25,000 zikawa za Januari kwa ajili ya sare na viatu, 25,000 zikawa za dharura ya ndani, yaani mtoto akiumwa usiku au mtungi ukiisha kabla ya wakati. Huo mstari wa dharura ndio uliotuondoa kwenye simu moja kwa moja. Marejesho ya VICOBA yalipokwisha, zile 110,000 nazo tulizigawa kwa karatasi jioni ya tarehe 21, kabla ya kikao cha mkopo mpya.

Mambo mawili yanayovunja hii bajeti hata ukiwa makini. La kwanza ni kuhesabu mwezi kwa kalenda. Mwezi wako unaanza siku mshahara unaposoma na unaisha siku moja kabla ya mwingine, kwa hiyo mboga na nauli zihesabu kwa siku. Desemba mshahara ukitoka tarehe 20 na wa Januari ukaja tarehe 24, hizo ni siku 35. Kwa mboga ya 4,000 unahitaji 20,000 zaidi ya mwezi wa siku 30. Watu wanasema Januari ni ndefu, na kwa mtu wa mshahara ni ndefu kweli, zihesabu uone. VICOBA vile vile: kama mnakutana Jumamosi, kuna miezi ya mshahara yenye Jumamosi tano.

La pili ni daftari la dukani kwa Mangi. Sisi tulilisahau kabisa mwanzoni kwa kuwa hatukuliita mkopo. Sukari nusu, mafuta ya kupima, mkate wa asubuhi, mwisho wa mwezi ni elfu ishirini na kitu, na ilikuwa inalipwa kwa pesa ya stoo. Kama unakopa dukani, omba akusomee jumla leo, uiandike kwenye madeni ya mkononi pamoja na VICOBA na simu.

Kitu kimoja bajeti hii haiwezi. Ukishapunguza kila kinachopungua na bado jumla inazidi, usijidanganye kwa kuandika mboga ya 1,500. Hapo marejesho yenyewe ndiyo makubwa kuliko nyumba. Nenda benki uulize kama wanaweza kurefusha muda ili rejesho la mwezi lishuke, na waombe wakuandikie riba ya jumla utakayoongeza kulipa, maana itaongezeka. Kausha damu usiguse kabisa. Marejesho yao ni ya kila siku au kila wiki na mshahara wako unakuja mara moja kwa mwezi, kwa hiyo kuanzia wiki ya pili utakuwa unawalipa kwa pesa ya kukopa kwingine.

Weka hapa namba zako nne: kinachobaki baada ya benki kukata, rejesho la VICOBA na siku yenu ya kikao, deni la simu, na mnakula mboga ya shilingi ngapi kwa siku mkiwa wangapi. Tuone pengo lako ni kiasi gani kabla tarehe 22 haijafika.