Barua kwa mzazi wa mtoto anayefinya macho ubaoni

Swali: Mimi ni mwalimu wa Darasa la Tano katika shule ya msingi mkoani Morogoro. Nina mwanafunzi wa kike mwenye miaka 11 ambaye hufinya macho kila anapotazama ubaoni, na siku hizi hukosea kunakili tarakimu. Ningependa kumwandikia mama yake ampeleke kupima macho, lakini nahofia ataona kwamba ninamsingizia mtoto ulemavu, au atasema nyumbani anasoma vizuri tu. Niandike nini, na niache nini?

Jibu: Mwalimu, nianze na lile la mwisho ulilolitaja, kwa sababu barua yako itakubaliwa au itawekwa kando kutokana na hilo. Mtoto asiyeona mbali anaweza kusoma kitabu, kuchambua mchele na kuchezea simu bila taabu yoyote. Kwa mfano, mtoto ambaye vipimo vyake vya miwani ni −2.00 katika kila jicho huona sawasawa hadi umbali wa nusu mita, na kuanzia hapo ukungu huzidi kadiri kitu kinavyokwenda mbali. Shughuli nyingi za mtoto ndani ya nyumba huishia ndani ya nusu mita hiyo, ilhali ubao uko mita tano au sita mbele yake. Kwa hiyo mama hatakuwa anakataa ukweli akikujibu kwamba binti yake anaona vizuri, kwani anaeleza anachokiona yeye. Kazi ya barua yako ni kumwonyesha kile ambacho hawezi kukiona akiwa nyumbani, na kumweleza ni kwa nini hajakiona.

Kufinya macho hakuthibitishi ugonjwa wowote kwa peke yake. Kope zinapokaribiana hubaki upenyo mwembamba, ule mwanga wa pembeni unaoitia taswira ukungu huzuiwa, na mtoto huona vizuri kidogo kuliko alivyokuwa akiona. Watoto hugundua njia hiyo wenyewe bila kufundishwa. Hata hivyo mtoto anaweza kufinya macho pia kwa sababu mwanga wa dirishani unamwakia usoni, au kwa sababu ana mzio wa macho unaomwasha na kumfanya aogope jua, jambo ambalo ni la kawaida sana kwa watoto wa Afrika Mashariki. Kwa hiyo, kabla ya kuandika, tenga dakika chache umwangalie kwa utaratibu.

Mketishe mita 6 kutoka ubaoni asubuhi yenye mwanga mzuri, mgongo wake ukielekea madirishani. Andika tarakimu kadhaa zenye kimo cha sentimita 5 hivi, zisizofuatana, kisha umwambie afunike jicho moja kwa kiganja, bila kulibonyeza na bila kuchungulia kati ya vidole, naye asome. Baada ya hapo badilisha tarakimu, na afunike jicho la pili. Jicho zima husoma ukubwa huo kwa umbali huo bila kujikaza. Kupima jicho mojamoja ni muhimu kwa sababu jicho zuri huficha udhaifu wa mwenzake, na mtoto mwenyewe huenda hajui kwamba moja linamwangusha. Ukipenda, toboa kadi ngumu kwa pini, tundu lenye upana wa milimita 1 hivi, umpe asome kupitia hapo. Tarakimu zikianza kusomeka vizuri, uwezekano ni mkubwa kwamba tatizo lake ni la aina inayorekebishwa kwa miwani. Zisiposomeka hata hivyo, hilo ni sababu ya kuharakisha kumwona daktari, wala si sababu ya kuahirisha. Lakini hili la kadi usiliweke katika barua, kwa kuwa mzazi atalisoma kama matokeo ya kipimo cha hospitali, na fundi wa miwani wa mtaani ataliona kuwa linamtosha.

Chukua sasa kwamba umemwona binti huyo akisoma bila kosa kutoka dawati la mbele, akikosea kutoka dawati la nne, na macho yake yote mawili yakiwa hivyohivyo. Ningeandika hivi:

> Shule ya Msingi ………,
> S.L.P. ………,
> Morogoro.
> Tarehe ………
>
> Mpendwa mzazi,
>
> YAH: KUOMBA BINTI YAKO APIMWE MACHO
>
> Habari za nyumbani. Ninakuandikia nikiwa mwalimu wa darasa la binti yako, na kwanza nikutoe wasiwasi: hana kosa lolote la nidhamu, wala barua hii haihusu mchango.
>
> Kwa wiki tatu sasa nimeona kwamba anapotazama ubaoni kutoka dawati la nne, hufinya macho yote mawili na kusogeza kichwa mbele, na mara nyingine huandika 3 mahali penye 8. Akikaa dawati la mbele hunakili bila kosa, na kitabu kilichoko mkononi mwake hukisoma vizuri. Kwa sababu hiyo inawezekana kwamba wewe nyumbani hujaona dalili yoyote.
>
> Mimi si mtaalamu wa macho na sijui chanzo chake. Ninaomba umpeleke katika kliniki ya macho ya hospitali ya wilaya au ya mkoa, ikiwezekana ndani ya wiki mbili zijazo, uende na barua hii pamoja na kadi yake ya bima kama anayo. Kipimo chenyewe hakiumi. Huenda akatiwa dawa ya matone itakayomfanya aone ukungu anaposoma, pengine hadi kesho yake. Akikosa shule kwa ajili hiyo nitamwekea kazi zake. Tafadhali usimnunulie miwani kabla hajapimwa.
>
> Kwa sasa nimemhamishia dawati la mbele. Kama una swali, au kama safari hiyo ni ngumu kwenu kwa wakati huu, nipigie simu au ufike shuleni tuzungumze sisi wawili.
>
> Wako katika malezi,
> Mwalimu wa darasa

Utaona kwamba sikuandika "husika na kichwa cha habari hapo juu". Lugha hiyo inafaa kwa barua ya ofisi kwenda ofisi nyingine, lakini mama anayepokea bahasha kutoka shuleni huwa tayari ameshajiuliza ni mchango gani tena au mtoto amefanya nini, na aya ya kwanza inapaswa kumwondolea hofu hiyo kabla hajafika kwenye habari ya macho.

Aya ya pili ndiyo uti wa barua. Inataja dawati, macho yote mawili, na aina ya kosa. Mzazi hawezi kubishana na 3 iliyoandikwa mahali pa 8, ilhali anaweza kabisa kubishana na sentensi kama "mwanao haoni vizuri". Mpimaji naye atanufaika, kwa maana sisi kliniki huletewa mtoto na mzazi anayesema tu "wamesema shuleni aje", na tunalazimika kuanza kuuliza upya. Acha kabisa kuandika jina la ugonjwa. Hata neno makengeza lisitumike kwa mtoto anayefinya kope: makengeza ni macho yasiyoelekea mahali pamoja, ambayo ni tatizo tofauti lenye matibabu yake. Ukiyaona kweli, eleza ulichokiona, yaani jicho lipi linakwenda upande gani na wakati gani.

Sentensi ya matone inaonekana ndogo, lakini huzuia ugomvi mwingi. Misuli ya jicho la mtoto ina nguvu ya kubadili umakini wa kuona wakati wa kipimo, na hiyo inaweza kumpa mpimaji namba isiyo ya kweli. Matone hulegeza misuli hiyo kwa muda na kupanua mboni. Mtoto atarudi nyumbani akisumbuliwa na jua na asiweze kusoma maandishi ya karibu. Mzazi asiyeambiwa mapema huamini kwamba hospitali imemharibia mtoto macho, na wiki ya miwani inapofika hawamrudishi.

Ombi la kutonunua miwani kabla ya kipimo nalo lina sababu. Miwani ya kusomea inayouzwa sokoni na mikononi mwa wamachinga, ile iliyobandikwa +1.00 au +1.50, imetengenezwa kwa ajili ya watu wazima ambao macho yao yamechoka kusoma karibu. Mtoto asiyeona mbali anahitaji lenzi zenye namba ya kutoa, kama ile −2.00, na akivaa zenye namba ya kujumlisha ubao utazidi kupotea. Kuna pia mama atakayekuambia kwamba miwani hulemaza macho. Mjibu kwa upole kwamba namba za watoto wa umri huu huongezeka kwa sababu jicho lenyewe linarefuka wanapokua, na litarefuka hata miwani ikikaa kabatini.

Kuhusu gharama sikutaja kiasi chochote, kwa sababu hutofautiana kati ya hospitali na hospitali, na mzazi akikuta bei tofauti na uliyoandika ataona umemdanganya. Mlango wa mazungumzo umeachwa wazi katika aya ya mwisho, na hapo ndipo mzazi asiye na nauli atakapopitia bila kuaibika. Barua ifunge katika bahasha, na binti mwambie kilichomo kwa kifupi mkiwa faraghani. Mtoto asiyejua kilichomo huweza kuiacha ndani ya begi mpaka muhula uishe.

Nimetaja wiki mbili kwa kuwa dalili ulizozieleza hazina dharura. Zipo zisizosubiri barua: mboni inayoonekana nyeupe, jicho jekundu lenye maumivu, makengeza yaliyoanza ghafla, jicho lililopigwa, au mtoto anayesema haoni kitu alichokuwa akikiona jana. Kwa hayo piga simu siku hiyohiyo, na umwambie mzazi asitie dawa yoyote ya majani wala matone ya mtoto mwingine. Kwa wanafunzi wa darasa la awali na la kwanza pia usikawie, kwani jicho moja dhaifu lisiporekebishwa mapema ubongo huzoea kulipuuza, na kadiri mtoto anavyopita miaka saba au minane ndivyo inavyokuwa vigumu kulirudisha.

Wiki mbili zikipita bila jibu, usitume barua ya pili. Piga simu, uulize kama barua ilifika. Na akirudi na miwani, uliza aliambiwa aivae wakati gani, kwa maana wengine huambiwa darasani tu na wengine kutwa nzima. Kisha rudia zile tarakimu za sentimita 5 kutoka mita 6, akiwa ameivaa, jicho mojamoja. Akizisoma zote, dawati la nne ni lake tena. Akiendelea kufinya macho, mrudishe kliniki na miwani yake mkononi, kwa sababu lenzi hukosewa wakati wa kutengenezwa, na kuipima upya lenzi huchukua dakika chache tu.