Vijana wa manunuzi, "linaendelea" lipo kwa nani?

Ijumaa iliyopita nimesoma ripoti tatu za wiki za wadogo zangu wa kitengo cha manunuzi. Kila ombi la pili limeandikwa "linaendelea". Linaendelea wapi, jamani? Kwa nani?

1. Ombi linaloendelea liandikiwe lilipo na tangu lini. Hili nimelijua kwa machungu. Mwaka wangu wa kwanza kazini, katika hospitali moja, nilishika ombi la magodoro 40 ya wodi ya wazazi. Nukuu tatu za bei zilishaingia, tumezilinganisha, na faili limepanda kwa bosi lisainiwe ili LPO, hati ya kuagiza mzigo, itoke. Kwenye ripoti nikaandika "Magodoro: linaendelea". Ijumaa iliyofuata, hivyo hivyo. Ya tatu pia. Bosi akisoma alidhani bado tunahangaika na wazabuni, nami nilidhani anajua kwamba faili lipo mezani kwake, chini ya mafaili mengine. Tarehe 30 Juni mwaka wa fedha ukafungwa, LPO haijatoka, na ombi likabidi lianze upya kwenye bajeti mpya.

Muuguzi mkuu wa wodi hakunigombeza. Aliuliza tu, "Mwanangu, niwaambie nini kina mama?" Bosi naye akaniuliza, "Mbona hukuniambia kwamba ninayesubiriwa ni mimi?" Ukweli ni kwamba niliogopa. Kumwandikia mkubwa kwamba kazi imekwama kwake niliona ni kukosa adabu, nikaficha woga wangu ndani ya neno moja. Mstari ule ulitakiwa usomeke hivi: "Magodoro 40, wodi ya wazazi: linasubiri saini yako tangu 9 Juni. LPO isipotoka kabla ya 30 Juni, fedha hatutaweza kuitumia." Hapo hakuna matusi, wala hakuna anayelaumiwa.

2. "Limekamilika" ni pale mwombaji amepokea mzigo na kusaini, si pale LPO ilipotoka. Ukiliandika mapema, mwombaji atampigia bosi simu kuulizia mzigo, na bosi ataiona ripoti yako yote kuwa ya uongo.

3. Hesabu ifunge. Wiki iliyopita maombi yalibaki 14, yameingia 9, yamekamilika 8, kwa hiyo yamebaki 15: yanayosubiri 6, yanayoendelea 9. Ukipata 13, kuna mawili yamelala kwenye droo ya mtu. Katafute kabla hujatuma.

4. Yanayomhitaji bosi yakae juu kabisa. Bosi wangu wa baadaye alisoma ripoti kwenye simu akipanda ngazi kwenda kikaoni, na ngazi zenyewe hazikufika 20. Mistari mitatu ya juu ndiyo aliyoiwahi. Yaliyokamilika nikayashusha chini, mengi kwa idadi tu, na saini zikaanza kurudi siku hiyo hiyo.