Mshahara wa mhadhiri wa saa: ugawe kwa miezi sita

Nilipopewa yuniti mbili za kufundisha kwa muda hapa Malindi, nilipiga hesabu usiku uleule. Kila yuniti ni saa 3 kwa wiki, wiki 14, yaani saa 42. Mbili ni saa 84. Kwa shilingi 1,200 kwa saa, nikapata 100,800. Muhula una miezi minne, kwa hiyo nikajiambia nina 25,200 kwa mwezi, na kwa hesabu hiyo nikahamia nyumba ya kodi kubwa zaidi. Muhula ulianza Septemba 2025. Shilingi ya kwanza niliiona mwisho wa Januari.

Ukilipwa kwa saa huna mshahara wa mwezi. Una madai, na kila dai lina siku yake. Saa za darasani hulipwa baada ya mkuu wa idara kutia saini fomu ya madai. Pesa za kusahihisha hungoja alama ziwasilishwe. Za kusimamia miradi hungoja mwanafunzi atetee kazi yake na kuleta nakala iliyojalidiwa. Mimi makundi hayo mawili ya mwisho nililipwa Machi.

Saa ndizo zenye pesa nyingi, na ndiko nilikoumia. Darasa langu la kwanza lilikuwa Jumatatu. Mwaka ule Mashujaa, tarehe 20 Oktoba, iliangukia Jumatatu, nami sikufidia kipindi hicho. La pili lilikuwa Ijumaa, saa mbili hadi saa tano asubuhi, tupate kumaliza mapema kabla ya sala. Tarehe 10 Oktoba ikawa sikukuu pia. Hilo nililifidia Jumamosi, nikafundisha saa zote tatu, lakini karatasi ya mahudhurio haikuwa na saini ya kiongozi wa darasa. Karani wa hesabu aliiweka mezani, akaipitisha kidole mstari kwa mstari, akasimama penye nafasi tupu. "Mwalimu, hapa hapana saini. Siwezi kulipa." Nilimwonyesha picha za ubao kwenye simu. Hazikusaidia. Saa 84 zikawa 78, na pesa zikawa 93,600.

Kwa hiyo, kabla ya muhula kuanza, chukua kalenda uweke alama sikukuu zote zinazogonga siku zako, upange fidia na darasa mapema. Kila kipindi kikiisha, kiongozi wa darasa atie saini kabla hajatoka mlangoni, nawe upige picha ya karatasi hiyo. Angalia pia tarehe ya barua yako ya uteuzi. Ukianza kufundisha wiki mbili kabla ya tarehe iliyoandikwa, saa hizo ni vigumu sana kuzidai.

Kusahihisha nililipwa shilingi 60 kwa kijitabu cha majibu. Orodha ya yuniti moja ilikuwa na wanafunzi 58, lakini waliofanya mtihani ni 54. Yuniti nyingine walikuwa 38. Vijitabu 92 vikanipa 5,520. Malipo hufuata vijitabu, si orodha, kwa hiyo vihesabu mbele ya ofisi ya mitihani siku unapovichukua, mtie saini wote wawili. Majaribio ya katikati ya muhula sikulipwa kitu. Kwenye barua yangu yalihesabiwa ndani ya saa za kufundisha, na yalinila Jumapili tatu nzima.

Miradi nilikuwa na wanafunzi wanne, kila mmoja shilingi 4,000. Waliomaliza ni wawili, nikapata 8,000. Wale wengine wawili niliwasomea rasimu kama wenzao, lakini pesa zao zilisukumwa muhula uliofuata. Hakikisha jina lako limo kwenye barua ya kila mwanafunzi, maana akibadilishiwa msimamizi katikati, utakuwa huna cha kudai.

Kisha kodi. Mimi nilikatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, inayotozwa malipo ya huduma za kitaalamu yakifika 24,000 kwa mwezi. Januari walikata 4,680. Machi nilipata 13,520, chini ya kiwango hicho, hawakukata. Zuio hilo ni malipo ya awali tu: cheti chake hupatikana iTax, nawe bado utajaza ritani kabla ya 30 Juni. Kama una ajira kwingine, mapato haya yanajumlishwa na mshahara wako, na huenda ukadaiwa zaidi. Kuna vyuo vinavyokata PAYE badala yake, basi uliza kabla ya kutia saini.

Mkononi nilipata 102,440. Mihula ni miwili kwa mwaka, kwa hiyo malipo ya mmoja yanakubeba miezi sita, si minne. Gawanya: shilingi 17,073 kwa mwezi, kabla ya tuktuk ya 200 kwenda na kurudi kila siku ya darasa. Nyumba ile niliihama Aprili.