Akiba ya milioni nne inatosha kuacha kazi?

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni afisa mikopo hapa Mwanza, nina miaka 34, mke na watoto wawili. Mshahara wangu ni 1,200,000 kabla ya makato. Nataka kuacha kazi mwisho wa mwezi huu nikasomee ufundi wa majokofu na viyoyozi kwa miezi 6. Ada na vifaa ni 1,900,000. Kampuni moja imeniambia nikimaliza nitaanza na 700,000. Nina akiba ya milioni 4. Mkopo wa benki nakatwa 200,000 kwa mwezi, imebaki miezi 14. Nyumbani tunatumia 650,000 na mke wangu huingiza 250,000 kwenye mitumba. Naweza kuondoka?*
*Fundi Mtarajiwa*

Marahaba, mwanangu. Mwezi huu, hapana. Ila hilo la mshahara kushuka, ambalo nadhani ndilo linalokunyima usingizi, ni dogo kuliko linavyoonekana kwenye karatasi.

Ukitoa 10% ya NSSF na kodi ya PAYE, mkononi leo unabaki na kama 928,000. Kwenye ule wa 700,000 utabaki na 588,000, kwa kuwa kodi nayo inashuka. Kwa hiyo pengo halisi ni 340,000, si nusu milioni. Ishike hiyo namba, nitairudia.

Shida yako iko kwenye miezi ya katikati. Umehesabu miezi 6 ya chuo, lakini tumbo halingoji cheti. Kuna kusubiri matokeo, kuitwa kazini, kisha kufanya kazi mwezi mzima ndipo ulipwe. Weka miezi 8. Kila mwezi nyumba na mkopo vinataka 850,000, mama watoto analeta 250,000, zinapungua 600,000. Mara 8 ni 4,800,000. Ongeza ada na vifaa, unafika 6,700,000. Una milioni 4. Zitakuishia ukiwa bado darasani, na hapo ndipo watu huanza kukopa kwenye simu, au kula mtaji wa mitumba. Mtaji huo usiuguse hata kidogo, ndio mlango pekee utakaobaki wazi.

Kabla ya yote, nenda chuoni ukaulize kama kozi hiyo ina darasa la jioni. Ikiwepo, hata kama ni ndefu zaidi, unalipa ada huku mshahara unaingia, na hesabu yote hapo juu inakufa.

Isipokuwepo, ngoja mkopo uishe. Najua miezi 14 ni mingi kwa mtu aliyechoka na kazi. Lakini kuanzia mshahara ujao, siku ileile unapoingia, toa zile 340,000 uziweke mbali. Hapo mtakuwa mnaishi kwa mshahara wa fundi ukiwa bado afisa mikopo. Bajeti itapungukiwa na 12,000 tu, hizo mtazipata kwenye vocha. Mpite na Januari, na sare na michango yake ya shule, bila kuzigusa. Mkishindwa, mmejua mapema kwamba laki saba haiwatoshi, na hujapoteza kazi.

Mkiweza, mkopo unapoisha utakuwa na 8,760,000. Bila mkopo pengo la chuoni ni 400,000 kwa mwezi: miezi 8 ni 3,200,000, na ada na vifaa 1,900,000. Inabaki 3,660,000, matumizi ya zaidi ya miezi 5. Hiyo ndiyo akiba ya dharura. Iweke peke yake, mahali ambapo kuitoa kunachukua siku chache, kama Mfuko wa Ukwasi wa UTT, maana pesa iliyo kwenye simu huisha kwa vitu vidogo. Ada ikipanda, usiichote humo; sogeza tarehe ya kuanza.

Kuhusu kuondoka kwenyewe: unayelipwa kwa mwezi unatakiwa kutoa notisi ya siku 28, na siku zako za likizo ambazo hukuchukua uzidai. Ukijiuzulu, fao la kukosa ajira la NSSF halikuhusu. Na kile kiinua mgongo cha kisheria, cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka hadi miaka 10, ni cha anayeachishwa na mwajiri. Kwa hiyo ukisikia fununu za kupunguza wafanyakazi ofisini, usikimbilie kuandika barua yako. Bima ya afya ya kazini nayo itakatika, na watoto wamo humo. Uliza bei ya kuwakatia nyingine, uiingize kwenye matumizi kabla hujaweka tarehe.

Na hao wa 700,000: "wameniambia" haitoshi. Waombe barua. Wakikataa kuandika, rudia hesabu ukiweka miezi 12 badala ya 8, uone kama bado unataka kuondoka.

Shangazi