Barua ya kusahihisha jumla ya michango

"Jumla ambazo programu imetoa kwenye picha za kitabu hazilingani na muhtasari wa mkono, na wanachama nishawatumia. Niwaandikieje?"

Ndugu mweka hazina, anza na namba moja kwa moja: "Jumla ya Machi tuliyowatumia ni 48,500, sahihi ni 42,500." Halafu taja mstari wenyewe, mfano namba 14 kitabuni ni 1,500 programu ikasoma 7,500, basi hiyo 6,000 ndo tofauti yote (1 yenye kikofia husomwa 7, ukiona tofauti ya 6 na sifuri anzia hapo). Kabla hujaandika kwamba hela haijapotea, linganisha na risiti na benki, maana hata muhtasari hukosewa. Ambatanisha picha ya ukurasa, katibu asaini nawe, na ripoti ya zamani usiifute, iandike "imesahihishwa" na tarehe.