Watoto wa chandimu, vumbi la jioni na kamera mkononi

Swali: Habari za kazi, kaka. Nipo Dodoma, nimepewa kazi ya kupiga video ya dakika mbili ya watoto wakicheza mpira jioni kwenye kiwanja cha vumbi. Napiga kwa mkono, sina stendi. Nikiinua tu kamera wanaacha mpira, wanajipanga na kunyoosha vidole viwili. Nikirudi mbali nikavuta kwa zumu, picha inatetemeka na vumbi linafanya kila kitu kiwe kijivu. Nifanyeje nipate mchezo wenyewe?

Jibu: Nzuri, mdogo wangu. Anza kwa kuachana na zumu. Ukivuta watoto kwa lenzi ndefu, unavuta pia kila mtikisiko wa mkono wako, na kati yako na wao unaacha hewa nyingi yenye vumbi. Hewa hiyo ndiyo inayoua rangi. Sogea hadi mita 2 au 3 kutoka kwa mchezaji, ukiwa na lenzi pana ya milimita 24 hivi, au kama unatumia simu, ile kamera yake kuu bila kukuza. Hapo mtikisiko mdogo hauonekani tena, na vumbi linabaki nyuma ya mtoto badala ya kuwa mbele yake. Kazi iliyobaki ni kuwafanya wakubali uwe karibu kiasi hicho na waendelee kucheza.

Kabla ya kiwanja, pitia kwa wazazi. Kwenye viwanja vya mtaani mama mmoja au wawili huwa wako karibu, wanachoma mahindi au wanauza mboga, na wao watakuambia nani ni mtoto wa nani. Mwone pia mwenyekiti wa mtaa. Eleza video ni ya nani na itaonyeshwa wapi, upate ridhaa ya wazazi kwa maandishi. Mtoto ambaye mzazi wake amekataa, mjue kwa sura na nguo mapema, ili usije kugundua wakati wa kuhariri kwamba ndiye aliyefunga goli lako zuri.

Sasa chukua jioni moja ya Agosti hapo Dodoma, jua linapozama karibu saa 12:40. Fika saa 10 na nusu. Mwanga bado ni mkali na huuhitaji, lakini watoto wanakuhitaji mapema. Toa kamera waziwazi. Waache wajipange, wanyooshe vidole, wasukumane mbele ya lenzi, na wewe uwapige kweli, kisha uwaonyeshe walivyotoka. Ukijaribu kuwakataza kupozi, kupozi ndiko kunakuwa mchezo mpya. Wakishajiona mara tatu nne hamu inapungua, na mwenye mpira ataanza kuwaita wenzake. Usiwaite wewe. Usiwapangie timu, na mpira mpya kama umewaletea ubaki kwenye gari hadi mwisho. Mpira wa mifuko na kamba haudundi sana, kwa hiyo watoto huucheza chini, miguuni, wakiwa wamebanana. Ukiwapa wa dukani mchezo wote unabadilika: mashuti marefu, kila mtu anaukimbilia, na wewe unabaki kupiga migongo.

Wakati huo tayarisha kamera. Zima taa nyekundu ya kurekodi na ule mlio wa kuanza na kusimamisha. Kama skrini inageuka, hakikisha haiwatazami wao, maana mtoto akijiona kwenye skrini hatoki hapo. Ielekeze juu, ushike kamera usawa wa kiuno chako, viwiko vimebana mbavu na magoti yamelegea kidogo. Kimo hicho kina faida mbili. Lenzi inakuwa karibu na usawa wa kifua cha mtoto wa miaka minane, na uso wako haujafichwa nyuma ya mashine. Mtoto anapokutazama anatazama macho yako, ambayo yako juu ya kamera, kwa hiyo hata akikugeukia haonekani kuitazama lenzi moja kwa moja.

Bonyeza kurekodi kabla mchezo haujafika ulipo, uache iendelee hata dakika nzima. Wengi hukosea hapa: wanainua kamera mpira unapokuja, na ule mwendo wa kuinua ndio unaowaambia watoto kwamba sasa wanapigwa. Kamera ambayo muda wote iko mahali pamoja haiwaambii kitu.

Fokasi ya kujiendesha itakusumbua. Ukielekea jua na kuna vumbi, inahangaika mbele na nyuma, na mara nyingine inashika vumbi lenyewe. Izime. Kwa kamera ya fulfremu yenye lenzi ya milimita 24, weka f/8 na fokasi kwenye umbali wa mita 2.5. Kwa mpangilio huo kila kitu kuanzia kama mita 1.3 mbele yako hadi upeo wa macho kinaonekana safi, na hutagusa fokasi tena jioni hiyo. Kamera yenye sensa ndogo zaidi, kwa lenzi ya milimita 16, inakupa nafasi kubwa kuliko hiyo. Piga fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50. Mguu unaopiga mpira utakuwa na ukungu kidogo, na ndivyo jicho linavyouona. Ukipandisha shata hadi 1/500 vumbi linakuwa chembe chembe kali, na mkono wako unaanza kuonekana unatetemeka hata ulipokuwa umetulia. ISO iache chini kwa kuanzia, kama 200, uipandishe jua linavyoshuka.

Tuje kwenye ule ukijivu. Vumbi likimulikwa na jua lililo nyuma yako linaonekana kama pazia chafu. Likimulikwa kutoka nyuma yake, jua likiwa mbele yako, linapitisha mwanga kuja kwako na kuwaka rangi ya dhahabu. Kwa hiyo simama upande wa mashariki wa kiwanja, utazame magharibi. Kama magoli yako kaskazini na kusini, utakuwa pembeni mwa kiwanja na mchezo unapita mbele yako, ambako ni mahali pazuri. Kama magoli yako mashariki na magharibi, kaa karibu na kipa wa mashariki, washambuliaji waje kwako wakiwa na mwanga mabegani. Jua lenyewe lifiche nyuma ya mbuyu, ukuta au kichwa cha mchezaji. Likiingia moja kwa moja kwenye kioo, kila chembe ya vumbi iliyokaa kwenye lenzi inageuka doa jeupe. Beba brashi laini na ile pampu ndogo ya kupuliza. Usifute lenzi kwa fulana, mchanga wa Dodoma unakwaruza, na usibadilishe lenzi ukiwa kiwanjani hata mara moja.

Ukielekea jua, mwangaza upime kwa mkono. Kamera ikiachwa iamue, mtoto akipita mbele ya jua picha inapanda, akitoka inashuka, na hakuna namna ya kulirekebisha hilo baadaye. Pima kwenye uso ulio kivulini, kisha shusha kidogo, kama nusu ya kituo hadi kimoja. Uso wa mtoto mweusi anayetazama mashariki jioni hauhitaji kung'aa kama wa saa sita mchana. Unahitaji macho yasomeke na ule mstari wa mwanga kwenye shavu na sikio ubaki na rangi. Anga karibu na jua iache iungue. Kwenye iPhone shikilia kidole juu ya uso huo hadi uone `AE/AF Lock`, halafu telezesha kidole chini kupunguza mwanga. Kamera yenye mpangilio wa rangi ya mwanga ifunge kwenye 5600K. Ukiiacha ijirekebishe yenyewe, itaiona ile dhahabu kuwa kosa na kuisafisha.

Saa 11:40, saa moja kabla ya jua kuzama, kivuli cha mtoto mwenye urefu wa mita 1.2 kinafika karibu mita 5. Nusu saa baadaye kinakaribia mita 10. Kuanzia saa 11:40 hadi jua linapogusa upeo ndio muda wako, na huku kwetu jua linashuka wima, halikawii. Hakikisha kufikia saa 11:40 watoto wameshakuchoka.

Ndani ya muda huo usiukimbilie mpira. Chagua mtoto mmoja, mfuate yeye dakika kadhaa, mpira uingie na kutoka kwenye fremu. Kipa ananifaa kuliko wote. Anapovua malapa na kuyafanya goli, anapotema mate viganjani, anapokanyaga mstari aliouchora kwa kisigino, kamera iko mita mbili kutoka kwake na hana habari nayo.

Na subiri ugomvi. Goli la mawe mawili halina mwamba wa juu, kwa hiyo kila shuti la hewani lina kesi. "Umepita juu!" Kipa ananyoosha mkono hadi mwisho wa vidole, anaruka kidogo, aonyeshe kwamba asingeufikia. Mpigaji anakuja kusimama pale pale, anashusha mkono wa kipa hadi usawa wa kichwa, mdogo wao anasema ameona kwa macho yake, wote wanaongea kwa pamoja huku vumbi la ule mkimbio likiwa bado linashuka nyuma yao. Hapo ingia hadi mita moja na nusu, polepole, bila kusimamisha kurekodi. Hakuna atakayekugeukia. Kesi ya goli ni kubwa kuliko kamera yako, na kwa dakika mbili ulizopewa, sekunde 20 za kesi hiyo zitabeba zaidi ya magoli matatu.

Sauti isikupotee. Funika maiki kwa manyoya ya kuzuia upepo, maana jioni za Agosti Dodoma zina upepo. Ndiyo sababu nyingine ya kutotamani kila kitu kiwe mwendo wa polepole: ukipunguza mwendo unapoteza kelele zao, na kelele ndizo zinazomfanya mtazamaji aamini kwamba mchezo ulikuwa wao.

Wakati wa kuhariri, usitupe kila klipu yenye mtoto anayetazama lenzi. Tazama miguu yake. Kama imesimama na mpira umemwacha, hiyo ni pozi, itoe. Kama macho yamekupitia kwa nukta moja na miguu bado inakimbia, iache. Halafu kagua sare: mtoto akicheza na shati la shule lenye beji na jina la shule linasomeka, chagua klipu nyingine au ukate fremu chini ya beji, kwa sababu jina hilo linamwambia mtu asiyemjua mahali pa kumpata kesho asubuhi.