Kata mngurumo kwanza, magari yafuate

Ukiletewa mahojiano yaliyorekodiwa kando ya barabara, usikimbilie Noise Reduction ya Audacity, programu ya kuhariri sauti. Inaitambua kelele kwa sampuli fupi unayoipa, hivyo inafaa kelele inayovuma kwa usawa mwanzo hadi mwisho, kama uvumi wa magari ya mbali. Upepo unapiga, unatulia, unapiga tena, kwa hiyo sampuli uliyochukua mahali pamoja haifanani na kinachosikika mbele.

Nguvu nyingi ya upepo iko chini ya hezi 200, na mngurumo wa injini uko hukohuko. Tuseme anayehojiwa ni mwanamke. Chagua klipu nzima, fungua High-Pass Filter, kichujio kinachokata sauti za chini, weka Frequency 100 na Roll-off 24 dB. Akiwa mwanamume mwenye sauti nzito, mimi huanza na 80, maana ukipanda zaidi sauti yake inapoteza kifua. Upepo ukiwa umefunika neno moja, chagua neno hilo peke yake upandishe Frequency hadi 180. Likisikika jembamba kidogo si hoja, mradi linaeleweka. Lakini tazama mawimbi kwanza: yakiwa yamekatika bapa juu na chini, upepo umeizidi maikrofoni na hakuna kichujio kitakachorudisha neno hilo. Sentensi hiyo iondoe, mtangazaji aieleze kwa maneno yake.

Sasa uje kwenye magari. Tafuta sekunde moja au mbili ambazo hakuna anayesema, honi hailii wala pikipiki haipiti, kisha bonyeza Get Noise Profile. Sampuli hii ichukuliwe baada ya kichujio, kwa sababu lazima ifanane na sauti unayotaka kuisafisha. Chagua klipu nzima, weka Noise reduction 8, halafu kabla ya kukubali chagua Residue na usikilize Preview. Hapo unasikia kile kinachotupwa. Ukisikia uvumi mtupu, endelea. Ukisikia silabi za mgeni wako, hasa "s" na "f", unamla mgeni mwenyewe: punguza Sensitivity au shusha desibeli. Wengi wanaoanza husikiliza kilichobaki tu, ndiyo maana hawagundui hadi sauti ianze kulialia kama chuma.

Lori linalopita halimo kwenye sampuli, hivyo hapo hutumika mkono. Likipita kati ya sentensi mbili, usiache kimya kitupu. Bandika kipande cha uvumi wa palepale, kilichosafishwa vilevile. Likipita juu ya maneno, liache.

Kompresa ije baada ya hayo yote, kwani huinua vilivyo hafifu, kelele ikiwemo. Na unapounganisha na simulizi ya studio, anza kuingiza uvumi wa barabara polepole sekunde mbili kabla mgeni hajasema, uendelee kidogo baada yake. Uvumi uliobaki hauwasumbui wasikilizaji; kinachowashtua ni kuingia na kukatika ghafla.